Jibu sahihi linaloficha pengo: kutunga jaribio la hisabati la mwanzo wa Kidato cha Kwanza

Mwanafunzi anayeingia Kidato cha Kwanza Tanzania mwezi Januari alifanya mtihani wa kumaliza darasa la saba Septemba iliyotangulia. Katikati kuna miezi minne hivi ambayo wengi hawakushika daftari. Mwalimu wa hisabati anampokea akiwa na herufi moja tu mkononi, daraja A mpaka E, na herufi hiyo haimwambii kama mtoto anajua kujumlisha sehemu au kama anaelewa kazi ya alama ya sawasawa. Inamwambia kwamba kwa jumla alipata maswali mengi au machache.

Kwa hiyo shule nyingi hutoa jaribio la mwanzo wa mwaka, na mara nyingi jaribio hilo linatungwa kama mtihani mwingine: maswali 40 au 50 yaliyochotwa katika mada zote za msingi, yanasahihishwa, yanapewa asilimia, wanafunzi wanapangwa kwa nafasi, kazi imekwisha. Mwalimu anabaki na taarifa ileile aliyokuwa nayo, kwamba huyu ana 70 na yule ana 35. Hajui Jumatatu afundishe nini. Jaribio la kubaini mapengo linafanya kazi tofauti kabisa, na tofauti hiyo inaanzia kwenye namba unazoziweka ndani ya swali. Nitaonyesha kwa mada moja, aljebra ya mwanzo, kwa sababu ndiyo inayowaangusha wengi.

Anza mwishoni. Chukua mlinganyo ambao unataka darasa lako liweze kuukokotoa baada ya wiki kadhaa, tuseme 5x − 3 = 2x + 9, kisha ukokotoe mwenyewe polepole huku ukijiuliza kila mstari unadai ujuzi gani wa zamani. Kwanza unadai mwanafunzi aone kwamba pande mbili za alama ya sawasawa zina thamani moja, maana bila hilo hakuna sababu ya kufanya jambo lilelile pande zote mbili. Unadai ajue namba hasi, kwa kuwa −3 itahamishwa na 2x itatolewa. Unadai ajue mpangilio wa matendo, la sivyo akikutana na 20 − 8x + 5x ataharibu. Na milinganyo ya wiki inayofuata, yenye x/3 na x/4, itadai kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Hapo una stadi nne. Desimali, vipimo, maumbo na asilimia ni muhimu, lakini si za jaribio hili. Zitapimwa kabla ya mada zinazozihitaji. Ukijaribu kupima kila kitu kwa siku moja utapata swali moja kwa kila stadi, na swali moja halithibitishi chochote.

Kwa nini moja halitoshi? Mtoto anaweza kukosea kwa haraka akiwa anajua, na anaweza kupatia kwa bahati akiwa hajui. Kwenye swali la kuchagua lenye majibu manne, anayebahatisha ana nafasi 1 kati ya 4 ya kupata. Ukimpa maswali manne ya stadi ileile, nafasi ya kupata angalau matatu kwa kubahatisha inashuka mpaka 13 kati ya 256, yaani karibu 5 kati ya 100. Ndiyo sababu ninapendekeza maswali manne kwa kila stadi. Stadi nne mara maswali manne ni maswali 16, mafupi, yanayoingia katika kipindi kimoja cha dakika 40 bila kumkimbiza mtu. Na hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya jaribio hili mimi nisingetumia maswali ya kuchagua. Ningeacha nafasi mwanafunzi aandike jibu na njia yake, kwa sababu jibu lake lililokosewa ndilo tunalolitafuta.

Sasa tufike kwenye kiini. Swali zuri la kubaini pengo ni lile ambalo mtu mwenye wazo sahihi na mtu mwenye wazo potofu hawawezi kukutana kwenye jibu moja. Linasikika kuwa jambo jepesi, lakini maswali mengi ya vitabuni hayana sifa hiyo.

Chukua MAGAZIJUTO, kanuni ambayo karibu kila mtoto wa shule ya msingi Tanzania ameikariri: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Wengi wameielewa kama foleni, kwamba kujumlisha daima kunatangulia kutoa kwa kuwa JU imeandikwa kabla ya TO. Ukweli ni kwamba kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja na vinafanywa kwa kufuata mpangilio kutoka kushoto kwenda kulia. Waliosoma shule za mchepuo wa Kiingereza wana BODMAS, na mtego ni uleule, kwa sababu hata huko herufi ya kujumlisha inatangulia ya kutoa. Jambo la kuvutia ni kwamba kwa kugawanya na kuzidisha foleni hiyo haimdhuru mtoto. 24 ÷ 4 × 2 ukigawanya kwanza unapata 12, na ndilo jibu sahihi. 3 × 8 ÷ 4 ukigawanya kwanza unapata 6, na ukifuata kutoka kushoto unapata 6 vilevile. Madhara yanajitokeza pale tu kutoa kunapoandikwa kabla ya kujumlisha.

Hebu sasa mtungaji aandike 20 + 8 − 5. Mwenye wazo sahihi anapata 23. Mwenye wazo la foleni naye anapata 23, anapewa vema, na pengo lake linaingia naye Kidato cha Kwanza bila mtu kulijua. Geuza alama mbili tu, uandike 20 − 8 + 5. Wa kwanza anapata 17. Wa pili anajumlisha 8 na 5, anapata 13, anatoa kwenye 20, anaandika 7. Ukiona 7 huna haja ya kuuliza amefikaje hapo. Na mtoto huyohuyo, wiki tatu baadaye, ataandika kwamba 20 − 8x + 5x ni 20 − 13x, na mwalimu atadhani hajaelewa aljebra wakati tatizo lake halihusu herufi hata kidogo.

Namba hasi zina hadithi kama hiyo. Watoto wengi wamebeba wimbo wa “hasi na hasi ni chanya”. Ukiwapa −4 × −2 wanaandika 8, sahihi, na hujajua kitu. Wape −5 − 3. Anayeimba wimbo ataandika 8, anayetoa bila kujali alama ya mwanzo ataandika 2 au −2, na anayejua ataandika −8. Kwa sehemu, 2/3 × 4/5 haifai kwa jaribio hili, maana hata mtoto ambaye kwake kila tendo ni kiasi kwa kiasi na asili kwa asili anapata 8/15. Lakini 1/3 + 1/4 inamtoa hadharani: anaandika 2/7 badala ya 7/12. Kwa alama ya sawasawa, vitabu vimejaa maswali ambayo kisanduku kiko mwisho, 8 + 4 = □, na mtoto anajifunza kwamba alama hiyo ni amri ya “andika jibu”. Swali la 8 + 4 = □ + 5 linamtenga: anayeiona kama amri anaandika 12, anayejumlisha kila anachokiona anaandika 17, anayeona mizani anaandika 7.

Jaribio letu linaweza basi kuwa hivi. Mpangilio wa matendo: 20 − 8 + 5, 30 − 4 × 5, 50 − 12 + 8 − 10, 6 + 2 × (9 − 4). Usawa: 8 + 4 = □ + 5; 14 − 6 = □ − 3; 7 + □ = 9 + 6; 3 × 4 = □ × 2. Namba hasi: 4 − 9; −5 − 3; −7 + 2; −2 − 4. Sehemu: 1/3 + 1/4, 2/5 + 1/2, 3/4 − 1/3, na la mwisho ni la kukadiria bila kukokotoa: 12/13 + 7/8 iko karibu zaidi na ipi kati ya 1, 2, 19 na 21? Hili la mwisho nimelichukua kutoka tathmini ya kitaifa ya Marekani ya mwaka 1978. Kati ya watoto wa miaka 13 waliopimwa, asilimia 24 tu ndio walichagua 2, na zaidi ya nusu walichagua 19 au 21. Linafaa kwa sababu haliwezi kujibiwa kwa kanuni ya kukariri. Ama mtoto anaona kwamba kila moja ya sehemu hizo inakaribia 1, ama haoni.

Kabla ya kupiga chapa, wape wanafunzi wachache wa Kidato cha Pili, kisha waombe wakueleze kwa mdomo walivyofikiri. Hapo ndipo utakapogundua majibu potofu ambayo hukuyatarajia, na pia maswali yako yasiyosomeka vizuri. Kisanduku kilichochorwa vibaya husomwa kama sifuri.

Kuna mambo matatu ya siku yenyewe ambayo yakipuuzwa yanaharibu kila kitu. La kwanza ni lugha. Katika shule za serikali mtoto huyu amesoma hisabati kwa Kiswahili kwa miaka saba na sasa anahamia Kiingereza. Ukimpa jaribio kwa Kiingereza, majibu mabaya yatakuwa mchanganyiko wa pengo la hisabati na pengo la lugha, na huwezi tena kuyatenganisha. Toa maelekezo kwa Kiswahili. Maswali 16 ya hapo juu karibu yote ni ya namba tupu kwa makusudi hayo. Lugha ipimwe kwa karatasi nyingine, siku nyingine.

La pili ni kukopiana. Watoto watatu kwenye dawati moja, ambao wamezoea kwamba kila karatasi inaleta nafasi darasani, wataangaliziana. Waambie waziwazi kwamba hakuna alama itakayorekodiwa wala nafasi itakayobandikwa ubaoni, na utimize ahadi hiyo. Kisha andaa karatasi A na B zenye maswali ya umbo lilelile na namba tofauti. Ukikuta jibu la karatasi B ndani ya karatasi A, utajua.

La tatu ni kusahau. Miezi minne bila shule inafuta kanuni ambazo zilikuwepo, na aliyesahau si sawa na asiyewahi kuelewa. Siku moja kabla ya jaribio fanya nao marudio ya dakika 20: mfano mmoja wa kila stadi ubaoni, bila kufundisha upya. Aliyesahau atakumbuka. Pengo ambalo dakika 20 zimeliziba halikuwa pengo la kukupotezea wiki.

Tuje kwenye kusahihisha, maana hapa ndipo kazi nzuri ya kutunga inapotupwa. Usiweke vema na kosa peke yake. Andika jibu lenyewe. Chora jedwali lenye majina kushoto na maswali juu, na ndani ya kila chumba uandike kile mtoto alichokiandika. Jibu likiwa sahihi weka nukta. Chumba kikiwa tupu, acha tupu, kwa sababu kutojibu ni habari nyingine: huenda muda uliisha, huenda hajawahi kuona kitu hicho. Kwa darasa kubwa ni haraka zaidi kwenda swali kwa swali kuliko karatasi kwa karatasi.

Tuchukue darasa la mfano lenye wanafunzi 60. Kwenye 20 − 8 + 5, wanafunzi 27 wameandika 17, wanafunzi 24 wameandika 7, sita wameandika vitu vingine, watatu hawakujibu. Kwenye 30 − 4 × 5, wanafunzi 49 wameandika 10, saba wameandika 130, wanne vitu vingine. Ukisoma safu hizi mbili pamoja unaona kwamba darasa linajua kuzidisha kunatangulia. Wanaijua MAGAZIJUTO. Kinachowasumbua ni kuiamini kupita kiasi. Somo la “mpangilio wa matendo” kuanzia mwanzo lingewachosha bila kugusa tatizo. Wanachohitaji ni kipindi kimoja cha darasa zima juu ya jambo moja, kwamba jumlisha na toa ni cheo kimoja. Hao saba wa 130 wakusanywe pembeni, kwao kanuni yenyewe haijakaa.

Sasa tazama wanafunzi wawili wa darasa hilo, kila mmoja amepata 13 kati ya 16. Wa kwanza amekosa 7 + □ = 9 + 6 ambapo ameandika 9, amekosa 2/5 + 1/2 ambapo njia yake ni sahihi lakini amekosea kuzidisha, na hakujibu swali la mwisho. Makosa yake hayafanani. Huyo alikuwa na haraka, mwache aendelee. Wa pili amepata sehemu zote nne na usawa wote. Amekosa 20 − 8 + 5 kwa kuandika 7, amekosa 50 − 12 + 8 − 10 kwa kuandika 20, na amekosa −7 + 2 kwa kuandika −9. Makosa matatu, stadi mbili tofauti, lakini wazo ni moja: kwake alama ya kutoa imefunika pia namba inayojumlishwa baada yake, kana kwamba kuna mabano ambayo hayakuandikwa. Na angalia −5 − 3 na −2 − 4 alizozipatia. Kwa wazo lake hilo potofu, kukusanya 5 na 3 kisha kuweka hasi mbele kunaleta −8, jibu sahihi. Ukihesabu alama utasema namba hasi anazijua, kwani ana 3 kati ya 4. Ukisoma majibu utaona kwamba huyu, ambaye ni miongoni mwa wazuri wa darasa, ataanguka siku ya kwanza ya kukusanya vya x pamoja.

Ndiyo maana kipimo cha “3 kati ya 4 anajua, 0 au 1 hajui, 2 muulize” nakitumia kwa kuchuja tu. Kinasaidia kujua pa kuanzia kwenye lundo la karatasi. Uamuzi unatokana na kosa linalojirudia. Jibu potofu lilelile likitokea mara mbili kwenye namba tofauti, hilo ni wazo na lina mzizi. Likitokea mara moja, mwite mtoto umuulize kwa dakika moja, “hapa ulifanyaje?” Karatasi inaonyesha mahali penye pengo. Chanzo chake mara nyingi utakipata kwa kumsikiliza.

Jaribio hili lina mipaka yake. Halifai kugawa mikondo ya wenye uwezo na wasio na uwezo, kwa sababu halikutungwa kupima hilo. Maswali ni machache na yamechaguliwa kwa ajili ya mitego. Mtoto mwenye wazo moja potofu anaweza kuonekana dhaifu kuliko alivyo, na wazo hilo likarekebishwa kwa kipindi kimoja. Halifai pia kuwekwa kwenye ripoti ya mzazi. Namba 7 kwenye jedwali ni taarifa kwa mwalimu wa Jumatatu, na baada ya wiki nne itakuwa imepitwa na wakati.

Baada ya kufundisha, rudi. Wiki tatu baadaye toa maswali machache ya umbo lilelile yenye namba mpya: 31 − 9 + 4, ambapo jibu ni 26 na wazo la zamani linaleta 18, −8 + 3, ambapo jibu ni −5 na wazo la zamani linaleta −11. Kisha weka moja lenye herufi, 12 − 3x + x. Anayejua ataandika 12 − 2x, na mwenye wazo la zamani ataandika 12 − 4x. Utakuta wanafunzi waliopata 26 na −5 halafu wakaandika 12 − 4x. Hao usiwarudishe mwanzo. Waambie waweke 1 mahali pa x kwenye maandishi yote mawili. 12 − 3 + 1 ni 10, na 12 − 4 ni 8. Waache waangalie namba hizo mbili wenyewe, na usiwape jibu mpaka mmoja wao aeleze kwa nini hazilingani.